Seva ya nyumbani ikihama anwani: jinsi jina la DDNS linavyowarudisha wachezaji

Tuseme kuna kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, tumwite Chiwanga. Ana kompyuta ya mezani ya zamani aliyoigeuza seva ya Minecraft, toleo la Java, na wanaoingia humo ni rafiki zake: mmoja yuko Singida, mmoja Kondoa, wengine wanasoma Morogoro. Siku ya kwanza aliwatumia kwenye grupu la WhatsApp namba ya kuingilia, `203.0.113.41`, kila mtu akaiandika kwenye mchezo wake, kazi ikaanza. Usiku mmoja LUKU ikaisha, umeme ukarudi asubuhi baada ya kununua tokeni, na jioni yake grupu likawaka moto.

"Oya Chiwanga, seva umezima?"

"Mbona iko hewani, mimi mwenyewe nimo ndani hapa."

"Kwetu inatuambia Connection timed out."

Wote wanasema kweli. Chiwanga yuko ndani kwa sababu anaingia kwa anwani ya ndani ya nyumba, `192.168.1.50`, ambayo haihusiani kabisa na namba waliyo nayo wenzake. Namba ya wenzake ilikuwa ya ruta yake upande wa intaneti, na ile ruta ilipozimika na kuwaka ilipewa namba nyingine. Seva haijafa, data za mchezo zipo, hakuna aliyefungiwa. Wanapiga hodi mahali ambapo Chiwanga ameshahama. (Anwani za nje ninazotumia kwenye makala hii ni za mfano, zimetengwa kwa ajili ya maelezo tu, usizijaribu.)

Kwa nini mtoa huduma asikuachie namba moja? Sababu ya msingi ni uhaba. Anwani za mfumo wa zamani wa IP, ule wa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, jumla yake duniani haizidi bilioni 4.3, na zimeshagawiwa karibu zote. Kwa bara letu mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, na tangu Januari 2020 iko kwenye hatua ya mwisho ya kubana: mtoa huduma akiomba, anachoweza kupata kwa mara moja hakizidi anwani 1,024. Mtu mwenye wateja maelfu hawezi kumkabidhi kila mmoja namba ya kudumu. Anaziweka kwenye fungu moja, anampa aliye hewani, na akitoka anampa mwingine. Anayetaka namba ya kudumu huiomba na kuilipia, na mara nyingi huuzwa pamoja na vifurushi vya biashara.

Namba inabadilika lini hasa, hilo linategemea jinsi ruta inavyounganishwa. Kwenye faiba nyingi ruta huingia kwa jina la mtumiaji na nywila, utaratibu unaoitwa PPPoE, na kila inapoanza muunganisho mpya huokota namba yoyote iliyo wazi kwenye fungu. Hapo kuzima na kuwasha ruta kunatosha kuhamisha anwani. Kwenye utaratibu mwingine, DHCP, namba hukodishwa kwa muda, na ruta huanza kuomba kuongezewa muda ule ukifika nusu. Ukizima kidogo ukarudi kabla mkataba haujaisha, aghalabu unapewa ileile. Ndiyo maana jirani anaweza kukuambia kwake namba haijabadilika miezi kadhaa huku kwako inabadilika kila umeme ukikatika, na asiwe anadanganya. Hata hivyo, namba iliyokaa miezi sita haijaahidiwa kukaa wa saba.

Dawa ni kuacha kuwapa watu namba, ukawapa jina. Jina likibaki lilelile na namba iliyo nyuma yake ikabadilishwa kila ruta inapohama, wenzako hawahitaji kujua kwamba kuna kilichotokea. Ni kama ulivyomhifadhi mtu kwenye simu kwa jina lake: akibadilisha laini unahariri namba, na kesho unabonyeza jina lilelile. Tofauti ni kwamba hapa daftari ni moja kwa watu wote, na anayehariri ni kompyuta ya mwenye seva, si kila rafiki kwenye simu yake.

Daftari lenyewe ni DNS, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983. Kabla yake mtandao mzima ulitegemea faili moja la majina lililotunzwa sehemu moja na kunakiliwa na kila kompyuta. DNS ilipoanza, mtu aliyetaka kubadilisha namba ya jina alihariri rekodi kwa mkono, jambo lisilosumbua kwa mashine isiyohama. Kwa nyumba kama ya Chiwanga mkono hautoshi, kwa hiyo zikazuka huduma za DDNS, yaani DNS inayobadilika yenyewe. Unajisajili, unachagua jina, unapewa tokeni, yaani msimbo wa siri wa kukutambulisha, kisha programu ndogo nyumbani kwako inapiga simu kwenye huduma kila baada ya muda kusema "bado nipo, na niko hapa". Huduma inaangalia ombi limetoka anwani gani, na kama ni tofauti na iliyoandikwa, inaandika mpya.

Hapo kuna ujanja mdogo ambao ndio moyo wa jambo lote. Kompyuta ya Chiwanga haijui anwani yake ya nje. Yenyewe inajiona `192.168.1.50` tu, na anwani ya nje inaijua ruta. Lakini haina haja ya kuijua, maana ombi lolote linalotoka nyumbani kwenda intaneti linafika likiwa na anwani ya ruta kama mtumaji. Huduma inasoma pale pale.

Chiwanga anachagua DuckDNS, ambayo ni ya bure na haina mambo mengi. Zipo nyingine. No-IP nayo ina jina la bure, ila inakutaka ulithibitishe kila siku 30, na ukipitiwa linafutwa. Kwa mtu anayekumbuka seva pale tu anapotaka kucheza, huo ni usumbufu ambao mimi nisingeuchagua. Tuseme jina alilopata ni `seva-yetu.duckdns.org`. Seva yake inatumia Linux, kwa hiyo anatengeneza faili `duck.sh` ndani ya folda `duckdns` lenye mistari hii miwili:

```
#!/bin/sh
curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=seva-yetu&token=TOKENI-YAKO&ip=" -o ~/duckdns/duck.log
```

Mwishoni, baada ya `ip=`, hapajaandikwa kitu, na ni kwa makusudi. Pakiachwa wazi, huduma inachukua anwani ambayo ombi limetokea. Analipa faili ruhusa ya kuendeshwa na yeye peke yake kwa `chmod 700 duck.sh`, kisha anafungua `crontab -e` na kuongeza mstari wa kuliendesha kila dakika tano:

```
*/5 * * * * ~/duckdns/duck.sh
```

Akifungua `duck.log` atakuta herufi mbili tu. `OK` maana yake imepokelewa, `KO` maana yake jina au tokeni imekosewa. Mwenye Windows anafanya jambo hilohilo kupitia Task Scheduler. Tokeni itunzwe kama nywila, kwa sababu aliye nayo anaweza kulielekeza jina lako kwenye mashine yake na wenzako wakaingia huko bila kujua. Watu hupiga picha ya skrini ya skripti yao wakiomba msaada kwenye grupu, tokeni ikionekana wazi. Ikikutokea, ingia kwenye huduma ubadilishe tokeni kabla hujaendelea na mengine.

Ruta nyingi nazo zina ukurasa wa DDNS kwenye mipangilio, na unaweza kuitumia badala ya skripti kama huduma uliyochagua imo kwenye orodha yake. Faida yake ni kwamba ruta inajua papo hapo inapopewa anwani mpya, haingojei dakika tano. Kasoro yake tutaikuta mbele.

Sasa tuone usiku wa pili wa umeme kukatika, jina likiwa tayari. Umeme unakatika saa 2:10 usiku na kurudi saa 2:25. Ruta na kile kiboksi cha faiba vinachukua kama dakika mbili kuamka, kwa hiyo saa 2:27 nyumba ina anwani mpya, `203.0.113.88`. Kompyuta ya seva nayo lazima iwe imewaka yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zina kipengele kwenye BIOS kinachoamua kifanyike nini umeme ukirudi, mara nyingi kinaandikwa `Restore on AC Power Loss`, na kisipowekwa `Power On` utabaki unangoja mtu wa nyumbani aibonyeze. Mchezo nao uwekwe ujianzishe mashine inapowaka. Chiwanga alishayaweka yote mawili.

Saa 2:29 na sekunde 40 yule wa Singida anajaribu kuingia. Mchezo wake unauliza jina, seva ya majina ya mtandao wake inakwenda kuuliza DuckDNS, inajibiwa `203.0.113.41`, namba ya zamani, kwa kuwa skripti bado haijafanya kazi. Anashindwa. Saa 2:30 kamili cron inaendesha `duck.sh` na rekodi inageuka. Rafiki anajaribu tena sekunde kumi baadaye, anashindwa tena, anaandika kwenye grupu kwamba hiyo DDNS ni maneno matupu.

Si maneno matupu. Kila jibu la DNS linakuja na muda wa kutunzwa, unaoitwa TTL. DuckDNS inatoa sekunde 60. Seva ya majina iliyojibiwa saa 2:29:40 ina ruhusa ya kurudia jibu hilohilo mpaka saa 2:30:40 bila kuuliza upya. Juu ya hapo, Java yenyewe, ambayo ndiyo inayoendesha mchezo, kwa kawaida hutunza jibu kwa sekunde 30 nyingine. Yaani akisubiri kidogo akajaribu saa 2:31 na robo dakika, anaingia. Kwa hesabu hii, tangu ruta ipate anwani mpya hadi mtu wa mwisho kurudi ni chini ya dakika tano za cron, pamoja na dakika moja na nusu hivi za kumbukumbu njiani.

Zipo seva za majina ambazo hazitii TTL fupi na hung'ang'ania jibu la zamani kwa muda zaidi. Rafiki mmoja akiwa bado nje wakati wenzake wote wameingia, shuku kwanza seva ya majina anayoitumia. Ajaribu kuuliza jina kwa njia mbili:

```
nslookup seva-yetu.duckdns.org
nslookup seva-yetu.duckdns.org 8.8.8.8
```

Ya kwanza inauliza mtandao wake, ya pili inauliza seva ya majina ya Google. Majibu yakitofautiana, shida iko kwa mtoa huduma wake na wala si Nkuhungu, na anaweza kubadilisha DNS kwenye kompyuta yake akaendelea. Yakiwa sawa na bado haingii, kwenye Windows aandike `ipconfig /flushdns`, afunge mchezo kabisa na kuufungua upya.

Kati ya saa 2:10 na 2:25 hakuna jina lolote lingeweza kusaidia, maana nyumba haikuwa na mtandao. Na kati ya 2:27 na 2:30 jina lilielekeza mahali pabaya kwa maana halisi: `203.0.113.41` ingeweza kuwa imeshapewa mteja mwingine wa mtoa huduma yuleyule. Rafiki wa Singida alikuwa akigonga ruta ya mtu asiyemjua. Ruta hiyo ikipuuza, mchezo unangoja hadi unasema `Connection timed out`. Ikikataa waziwazi, anaona `Connection refused`. Jina likikosewa herufi, anaona `Unknown host`. Muulize rafiki neno kwa neno alichoona, kwa sababu "haifunguki" haikusaidii chochote.

Watu wengi wakishaweka DDNS wanadhani safari imeisha, halafu wiki kadhaa baadaye mambo yanaharibika tena huku jina likiwa sahihi. Hapo huwa kuna anwani ya pili iliyosahaulika. Jina linamfikisha mgeni hadi kwenye ruta tu. Kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta kuna kanuni uliyoiandika kwenye ukurasa wa `Port Forwarding` au `Virtual Server`, inayosema kinachoingia kupitia poti 25565 ya TCP kipelekwe `192.168.1.50`. (Kwa toleo la Bedrock, lile la simu, poti ni 19132 na ni UDP.) Lakini hiyo `.50` nayo imekodishwa, safari hii na ruta yenyewe. Umeme ukirudi na simu za nyumbani zikawahi kuunganika kabla ya kompyuta, kompyuta inaweza kujikuta ni `192.168.1.53`, na kanuni ikaendelea kupeleka wachezaji kwenye simu ya dada yake Chiwanga.

Dalili yake ni ya pekee: `nslookup` inatoa anwani sahihi, `duck.log` inasema `OK`, Chiwanga ameingia bila shida kwa `localhost` akiwa kwenye kompyuta yenyewe ya seva, na wenzake wote wako nje. Tiba ni kwenda kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta, sehemu inayoandikwa `Address Reservation` au jina linalofanana na hilo, na kuifungia kompyuta ya seva anwani moja kwa kutumia MAC yake, yaani namba ya kifaa chake cha mtandao. Ningeshauri hili lifanyike siku ileile unayoweka DDNS, kabla hata ya kuwatumia wenzako jina. Kanuni ya poti isiyo na anwani iliyofungwa ni kazi nusu.

Ukiwa unahakiki, usijaribu jina ukiwa ndani ya nyumba ukaamini jibu. Baadhi ya ruta haziwezi kumrudisha ndani mtu wa ndani aliyetoka kwa anwani ya nje, kwa hiyo jina linaweza kugoma kwako na kufanya kazi vizuri kwa dunia nzima. Mwombe mtu aliye nje ajaribu, au tumia tovuti ya kupima poti kama canyouseeme.org, ukihakikisha mchezo unaendeshwa wakati unapima. Poti isiyo na programu nyuma yake inaonekana imefungwa hata kama kanuni iko sawa.

Sasa tufike kwenye `OK` inayodanganya. Ikumbukwe inachosema: anwani imeandikwa. Haisemi kwamba anwani hiyo inafikika. Tuchukue jioni ambayo faiba imekatika lakini umeme upo. Chiwanga, asije akakosa intaneti, anawasha hotspoti ya simu na kompyuta ya seva inajiunga nayo. Dakika tano hazipiti, `duck.sh` inapiga simu kupitia mtandao wa simu, huduma inaona anwani ya kampuni ya simu, inaiandika, inajibu `OK`. Jina sasa linaelekeza kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ambako mamia ya wateja wanatoka kwa anwani moja na hakuna kanuni yoyote inayosema poti 25565 ni ya Nkuhungu. Hakuna atakayeingia. Faiba ikirudi, mambo yanajinyoosha yenyewe ndani ya dakika chache, mradi kompyuta imerudi kwenye faiba na haijabaki kwenye hotspoti. VPN ikiwashwa kwenye kompyuta ya seva inaleta mkanganyiko wa namna hiyohiyo: jina litafuata mahali VPN inapotokea.

Hali ya hotspoti ni ya muda, ila wapo ambao mtandao wao wa nyumbani uko hivyo siku zote. Ndio hasa wanaohangaika na mafunzo ya DDNS hatua kwa hatua bila mafanikio, kwa sababu kila hatua inakubali na mwisho haifanyi kazi. Kutokana na uhaba nilioutaja, watoa huduma wengi hawampi mteja hata anwani ya nje ya kubadilikabadilika. Wanampa anwani ya ndani ya mtandao wao, na wateja wengi wanashirikiana anwani moja ya nje. Mfumo huo unaitwa CGNAT. Mitandao ya simu iko hivyo kwa sehemu kubwa, pamoja na vile viruta vya laini ya 4G ambavyo nyumba nyingi za huku Dodoma zinavitegemea pale faiba isipofika.

Kupima ni kazi ya dakika mbili, na ningependa kila mtu aanze nayo kabla ya kujisajili popote. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya hali ya muunganisho, soma anwani ya `WAN`. Kisha kwenye kompyuta andika:

```
curl https://api.ipify.org
```

Namba mbili zikilingana, uko salama na DDNS itakufaa. Zikitofautiana, tazama ile ya kwenye ruta. Ikianza na 100 na namba inayofuata baada ya nukta ya kwanza ikawa kati ya 64 na 127, hiyo ni CGNAT bila ubishi, kwa kuwa safu ya `100.64.0.0` hadi `100.127.255.255` ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10, baadhi ya mitandao hutumia safu hiyo kwa lengo lilelile. Ikianza na 192.168, pengine una ruta mbili nyumbani, moja nyuma ya nyingine, na poti inabidi ielekezwe kwenye zote mbili. Na hapa ndipo kasoro ya DDNS ya ndani ya ruta inapojitokeza: yenyewe inaweza kutuma anwani inayoiona kwenye `WAN` yake. Ukiuliza `nslookup` ukajibiwa jina lako liko `100.72` kitu fulani, ruta imeandika anwani ambayo haifikiki kutoka popote nje ya mtandao wa mtoa huduma wako.

Aliye kwenye CGNAT ana njia chache. Ya kwanza ni kumpigia mtoa huduma na kuuliza kama anaweza kupewa anwani ya nje, hata isiyo ya kudumu. Wengine wanakubali kwa ada, wengine hawana kabisa, na si kila mhudumu wa simu ataelewa swali. Mwambie unataka kufikia kamera za nyumbani ukiwa safarini, atakuelewa haraka kuliko ukitaja Minecraft. Akikubali, pima upya kama ulivyopima, zima na washa ruta, kisha DDNS yako itafanya kazi bila kubadilisha chochote kwenye skripti.

Njia nyingine ni kuachana na kupiga hodi kutoka nje. Huduma kama playit.gg zinaifanya seva yako ndiyo ianzishe safari: programu kwenye kompyuta ya Chiwanga inafungua muunganisho wa kutoka, CGNAT haiuzuii kwa sababu umeanzia ndani, na wachezaji wanaingia kupitia mashine ya huduma hiyo. Huhitaji kuelekeza poti wala kujali anwani yako, na jina unapewa. Gharama ni kwamba kila hatua ya mchezaji inazunguka kwanza kwenye mashine ya kati. Mtu wa Kondoa na seva ya Nkuhungu wako karibu kwenye ramani, lakini kama mashine hiyo iko bara jingine, ping inaonyesha. Kujenga nyumba hutaona tofauti, kupigana kwa upanga utaiona.

Tailscale na ZeroTier zinakwenda njia ya tatu: kila rafiki anasakinisha programu na nyote mnakuwa kama mko kwenye ruta moja, kila mashine ikiwa na anwani yake isiyobadilika. Mara nyingi zinafanikiwa kuunganisha mashine mbili moja kwa moja hata pande zote zikiwa nyuma ya CGNAT, na zikishindwa zinapitisha kupitia mashine ya kati. Kwa kundi dogo la watu wanaofahamiana hii ndiyo ningeichagua, kwa kuwa pia hakuna poti inayobaki wazi kwa dunia. Ugumu ni kumshawishi kila mtu asakinishe.

Chiwanga, ambaye namba zake mbili zilifanana, hakuhitaji haya. Alichobakiza ni poti 25565 iliyo wazi kwa yeyote, na zipo programu zinazopita kwenye intaneti zikitafuta poti hiyo saa zote, jina au bila jina. Kwenye `server.properties` aliacha `online-mode=true`, akaweka `white-list=true`, akawasha seva upya, kisha kwenye dirisha la amri za seva akaandika `whitelist add` na jina la mchezo la kila rafiki, mmoja mmoja. Wa Morogoro mmoja alibadilisha jina lake la mchezo baadaye na akaendelea kuingia kama kawaida, kwa kuwa orodha ile inamtambua mchezaji kwa UUID, namba ya akaunti yake isiyobadilika.